Kutu Kwenye Kablanketi: Shajara ya Shamba, Mbozi

21 Machi

Kutu imeingia. Nimeiona leo jioni kwenye mistari ya juu, kwenye majani ya chini kabisa ambayo mtu asipoinama hayaoni. Kwa juu jani lina vidoa vya njano hafifu tu, na anayepita haraka angesema maharage yana njaa ya mbolea. Ukiligeuza ndipo unakutana na vipele vidogo vya milimita moja au mbili, rangi ya chungwa inayoelekea udongo mwekundu, na baadhi vimezungukwa na mduara wa njano. Nimepitisha kidole gumba juu yake, kikabaki na unga. Nimekipangusa kwenye ukurasa huu, na alama iliyobaki ina rangi ileile ya bati la zamani.

Maharage haya ni kablanketi, yalipandwa tarehe 20 Februari. Maua bado, nayategemea mwanzoni mwa Aprili. Hilo ndilo linalonitia wasiwasi kuliko vipele vyenyewe. Kutu ikija maganda yakiwa yameshajaa, hula majani ambayo mmea wenyewe unakaribia kuyaacha. Ikija kabla ya maua, hula majani yanayotakiwa kulisha maua na maganda. Majani hunyauka na kupukutika kuanzia chini, na mkulima huvuna maganda machache yenye punje zilizosinyaa.

Kwa hiyo hesabu yangu kuanzia leo ni moja tu: majani mangapi mazima yatakuwa yamebaki maua yakifunguka.

22 Machi

Mama mkwe amekuja na kapu lake kuchuma mboga ya majani ya maharage. Nimemwomba asichume upande wa juu, nikamwonyesha sababu. Ameliangalia jani kidogo tu, akasema, "Mwanangu, hii si ngeni. Imetoka kwenye mibuni hiyo hapo."

Hapa Mbozi kila mtu anaijua kutu ya kahawa, na mibuni yetu imepakana na maharage. Unga wa chini ya jani la kahawa nao ni wa rangi ya chungwa. Mtu akisema umeruka kutoka mti mmoja hadi mwingine, anasema jambo ambalo macho yake yanaliunga mkono.

Nimechukua lenzi ya mkono ninayotumia darasani kwa somo la biolojia, nikachuma jani la kahawa lenye kutu, tukayalaza mawili kando kwa kando kwenye meza ya nje. Mama amekuwa wa kwanza kuangalia. Kwenye jani la kahawa unga umelala juu ya jani kama baka, na ngozi ya jani chini yake haijachanika, kwa sababu fangasi ya kahawa hutoa unga wake kupitia matundu ya kupumulia ya jani, yaani stomata. Kwenye jani la maharage ni tofauti kabisa. Kila kipele kimeanzia ndani, kikavimba, kikaipasua ngozi. Kingo za mpasuko zimeinuka pande zote, na unga umejaa katikati. Mama ameangalia jani moja, akarudi kwa lingine, kisha akasema, "Hili limechanika, lile halikuchanika."

Ni fangasi mbili tofauti. Ile ya kahawa ndiyo iliyoangamiza mashamba ya kahawa ya Seiloni baada ya kuripotiwa huko mwaka 1869, na haina uwezo wa kuishi kwenye maharage. Ya maharage nayo haishiki kahawa, wala haishiki mahindi. Mahindi yana kutu zake. Kila moja huishi ndani ya chembe hai za mmea wake na haijui kula kitu kingine. Ningekubali kwamba chanzo ni mibuni, ningemaliza kesho yote nikipulizia mibuni, na maharage yangeendelea kuliwa.

Mboga amechuma upande wa chini wa shamba, kule ambako sijaona kipele.

23 Machi

Nimepita shamba lote, nusu ekari, kwa mwendo wa kupindapinda. Kila baada ya hatua chache nimeinama na kugeuza majani ya chini na ya katikati. Nilitaka kujua mambo mawili: kama kila doa ninaloliona ni kutu, na ugonjwa umeanzia wapi.

Si kila doa ni kutu. Katikati ya shamba kuna majani yenye madoa ya kahawia yenye pembe, yaliyokatwa na mishipa ya jani kana kwamba mtu ameyapima kwa rula. Hayo ni madoa pembe, na yakisuguliwa kidole hakipati unga wa chungwa. Kwenye mimea miwili mitatu nimeona mishipa ya chini ya jani imegeuka nyekundu nzito hadi nyeusi. Hiyo ni chule, na hiyo hunihangaisha kwa namna nyingine kwa sababu husafiri ndani ya mbegu. Sehemu yenye maji kuna mabaka makavu yenye ukingo wa njano kali, nayo hayana unga. Hayo ni ya bakteria, na dawa ya fangasi haiyagusi. Kipimo cha kidole kinatosha kwa yote hayo. Unga wa rangi ya kutu ukibaki kidoleni, ni kutu.

Chanzo nimekiona. Juu ya shamba kuna uwanja ambao majirani wote wa upande huu hupigia maharage yao ya msimu wa kwanza. Mabua na maganda yamelundikwa pembeni, na kati yake yameota maotea kutokana na punje zilizomwagika. Maotea hayo ni makubwa kuliko maharage yangu, na majani yake yamejaa vipele kiasi kwamba nilipoyagusa tu mkono wote ulibadilika rangi. Karibu yake zimeegemezwa fito za maharage ya kutambaa za msimu uliopita, hazijaguswa. Unga wa kutu hukaa kwenye mabua na hata kwenye fito kama hizo ukisubiri maharage mengine. Upepo wa mchana hushuka kutoka huko kuja kwangu, na ramani niliyochora inakubaliana na upepo: mistari minane ya juu imeshikwa vibaya, inayofuata ina kipele hapa na pale, na robo tatu ya shamba kwa chini ni safi au karibu safi.

24 Machi

Mvua usiku kucha, asubuhi ukungu mzito. Saa nne majani bado yalikuwa yanadondosha maji.

Usiku wa namna hii ndio kutu inautaka. Spora ikitua kwenye jani kavu haifanyi kitu. Inahitaji jani libaki na unyevu kwa muda mrefu, takriban saa 10 hadi 18, katika hali ya hewa isiyo ya joto sana, kati ya nyuzi 17 na 27. Machi ya hapa inatimiza masharti hayo bila shida. Wenzetu wa tambarare zenye joto kali wana nafuu, maana joto likipita nyuzi 32 kutu hii hushindwa kushika.

Nimewaeleza wanafunzi wa kidato cha tatu jinsi spora inavyoingia, na wamekaa kimya kuliko nilivyotarajia. Spora huotesha uzi mwembamba unaotambaa juu ya jani ukitafuta stomata, na hauna macho wala hauvutwi na harufu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell walionyesha mwaka 1987 kwamba uzi huo hupapasa. Walitengeneza sahani zenye matuta madogo sana, wakaona kwamba uzi ukikutana na tuta lenye kimo cha karibu nusu ya elfu moja ya milimita, unasimama, unavimba na kujiandaa kuingia, hata kama chini yake hakuna jani lolote. Kimo hicho ni sawa na cha mdomo wa stomata wa jani la mharage. Na kwa kuwa jani la mharage lina stomata nyingi zaidi upande wa chini, huko ndiko vipele hujaa.

Kuna jambo la vitendo linalotoka hapo. Anayepulizia dawa juu ya majani tu, akaenda nyumbani, amelinda upande ambao adui hautumii sana.

25 Machi

Asubuhi nimemkuta mzee jirani anaingia kwenye maharage yake na jembe, umande ukiwa bado umejaa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwalimu. Mbona mapema?"

Nikamwonyesha jani, nikamwomba asubiri umande ukauke kabla ya kupalilia. Suruali na mikono yake ingebeba unga kutoka mstari hadi mstari, na unga huo ungetua kwenye majani yaliyolowa, tayari kuota. Bakteria na chule nazo husafirishwa hivyohivyo. Akacheka, akasema jua la hapa Machi halina ratiba. Lakini alirudi kukaa chini ya mgomba hadi saa nne na nusu, na nimemshukuru.

Mimi nimefanya kazi ya maotea. Saa niliyoichagua ina sababu yake. Majani yakiwa yamelowa, unga hugandamana na mikono na kupandikizwa kwenye kila jani utakalogusa. Jua likiwa kali na upepo ukianza kuvuma mchana, unga hupeperuka ukiutikisa mmea. Kati ya nyakati hizo mbili kuna muda mfupi ambapo jani limekauka na upepo haujaamka. Katika muda huo nimefunika kila otea kwa gunia kwanza, nikaling'oa likiwa ndani ya gunia, taratibu. Mabua ya uwanjani nayo yamefuata. Vyote vimeshushwa kwenye shimo nje ya shamba na kufukiwa kwa udongo. Vijana wawili wa majirani wamenisaidia, na fito za zamani wamezichukua kuwa kuni.

Kwenye mistari ya juu nimechuma majani ya chini yaliyojaa vipele, nayo yakaingia guniani. Sehemu iliyo na kipele kimojakimoja sikuchuma kitu. Kuvua majani mazima ili kuondoa kipele kimoja ni kuufanyia mmea kazi ileile ambayo kutu ingeufanyia. Kuchuma kunafaa ugonjwa ukiwa mchanga na wa sehemu ndogo tu. Ukishasambaa, mkono hauwezi kushindana na unga unaoruka.

Baada ya kazi nimefua nguo zote nilizokuwa nimevaa. Kesho siingii maharage nikiwa na nguo za leo.

26 Machi

Vwawa, duka la pembejeo. Muuzaji amenipa mifuko miwili, mmoja wa mankozebu na mmoja wa dawa ya tebukonazoli, akashauri nichanganye zote mbili, tena kwa kipimo mara mbili "ili ife moja kwa moja". Nimekataa. Dawa hizi mbili hazifanyi kazi moja, na kuongeza kipimo hakuziongezei kazi nyingine.

Mankozebu hukaa juu ya ngozi ya jani na kuua spora inayojaribu kuota. Fangasi ikishaingia ndani ya jani, haiwezi kuifuata. Tebukonazoli huingia ndani ya jani na inaweza kuzima maambukizi ya siku chache zilizopita, lakini nayo haifufui jani lililokwisha kupasuka. Tena inaipiga fangasi mahali pamoja tu, kwa hiyo ikitumiwa kila mara, zile chache zinazoivumilia ndizo hubaki na kuzaana. Mpango wangu: mistari ya juu na ukanda unaoifuata napiga tebukonazoli mara moja sasa, kwa kipimo cha lebo bila kuzidisha, shamba lililobaki napiga mankozebu. Baada ya hapo ni mankozebu peke yake kote.

Lebo ya mankozebu niliyonunua inasema gramu 50 kwa pampu ya lita 20. Nimeukoroga unga kwanza kwenye ndoo yenye maji kidogo hadi ukawa uji usio na mabonge, ndipo nikamimina kwenye pampu, maana mabonge huziba nozeli katikati ya kazi. Nimevaa glavu, barakoa, miwani na buti, mikono mirefu. Nimepulizia jioni, upepo ukiwa umetulia na majani yakiwa makavu, nikishusha mkono wa pampu hadi chini ya mmea na kuelekeza nozeli juu. Mwendo ni wa polepole sana, na mgongo unauma. Ili kujua kama dawa imefika, nageuza jani hapa na pale na kutafuta matone madogo upande wa chini. Mahali nilipokuta pakavu nimerudia.

Mama mkwe nimemwambia waziwazi, na nimechomeka kitambaa chekundu kwenye njia ya kuingilia: mboga ya majani ya maharage haichumwi tena shamba hili msimu huu. Watu hukumbuka kwamba dawa haifai kwenye ganda linalokaribia kuvunwa, wakasahau kwamba jani nalo huliwa.

Kabla ya kuondoka nimefunga uzi wa sufu kwenye majani machache ya ukanda wa kati yenye vidoa vyeupe vidogo sana, vyenye ukubwa wa ncha ya sindano. Havina unga bado. Nataka kuona vitakuwa nini.

2 Aprili

Mzee jirani amenisimamisha njiani. Amesikia nimepulizia, na amepita kando ya shamba langu akaona vipele vipya. "Mwalimu, umeuziwa maji ya chokaa."

Tumeenda pamoja kwenye majani yenye uzi. Upande niliopiga mankozebu, vile vidoa vyeupe vimekuwa vipele kamili, vimepasuka, vina unga. Hayo si matokeo ya dawa mbovu. Tangu spora iingie, doa jeupe huonekana baada ya siku tano au sita, na kipele hupasuka na kuanza kumwaga unga kati ya siku ya saba na ya kumi na nne, kutegemea baridi. Maana yake vipele vyote tunavyoviona leo viliingia majanini kabla sijashika pampu, na mankozebu haikuwa na njia ya kuvifikia humo ndani. Kwenye mistari ya juu, kwenye tebukonazoli, vidoa vingi vimekauka vikiwa vidoa tu.

Kwa hiyo dawa haipimwi kwa vipele vya wiki ya kwanza. Nimempeleka kwenye majani mapya, yale matatumatatu ya juu yaliyofunguka siku za karibuni. Tumegeuza mengi. Safi, isipokuwa kidoa kimojakimoja. Hayo ndiyo ya kupima. Yakiwa na vidoa vyeupe vingi wiki ijayo, ndipo nitasema dawa imeshindwa, au mvua imeisomba, au nimepulizia juu tu.

Mzee amenyamaza, kisha akauliza bei ya mfuko. Maharage yake yameshapandwa kwa kutawanya na yamesongamana mno. Nimeingiza mkono kati ya mimea yake saa sita mchana, na ndani bado palikuwa na majimaji. Yangu yana nafasi ya sentimita 50 kati ya mistari na 20 kati ya mashimo, mbegu mbili kwa shimo, na saa hiyo yalikuwa yamekauka tangu zamani. Saa hizo mbili tatu za kukauka mapema zinaweza kuamua kama spora imefanikiwa kuingia au imekufa mlangoni.

4 Aprili

Mvua kubwa jana na juzi. Nimerudia mankozebu leo jioni, shamba zima, kabla ya siku nilizopanga. Dawa inayokaa juu ya ngozi huondoka na mvua, tena majani yaliyozaliwa baada ya kupulizia hayana kinga yoyote. Kwa kawaida ni kila siku 7 hadi 10 kwa kufuata lebo, ila mvua ikipiga hivi kalenda huachwa na mtu huangalia majani.

9 Aprili

Maua yamefunguka. Meupe kwa waridi, shamba lote.

Majani ya katikati na ya juu ni mazima. Kwenye mistari ile ya kwanza mimea imevuliwa nusu na itazaa kidogo; hiyo nimeshaihesabu kuwa hasara. Ukanda unaofuata una vipele kwenye majani ya chini tu. Chini ya hapo ni kipele cha kutafuta.

Kupulizia kwa mwisho nimekuweka kesho kutwa, jioni sana, nyuki wakiwa wamerudi. Baada ya hapo sitapiga tena.

19 Aprili

Mzee jirani amekuja nyumbani. Shamba lake limebadilika rangi; ukilitazama kutoka barabarani linaonekana limeungua. Ameuliza kama anunue dawa sasa. Tumekwenda naye. Maganda yake mengi yameshatokeza umbo la punje, na majani yaliyobaki yamejaa vipele pande zote mbili. Nimemwambia nilivyoamini: hela hiyo aiache mfukoni. Majani yaliyopasuka hayarudi, maganda hayana muda wa kufaidi majani mapya, na dawa ya leo ingekaribia mno siku ya kuvuna. Nimeona imemuuma. Bora imuume leo kuliko kulipia mfuko usiomrudishia debe hata moja.

Lakini ndani ya shamba lake kuna kitu kilichonifanya nipige magoti matopeni. Yeye hapandi aina moja; mbegu yake ni mchanganyiko aliourithi kwa mama yake, wa rangi nne au tano. Katikati ya mimea iliyoungua, kuna michache ya kijani. Nimegeuza majani yake. Yana vidoa vidogo vya kahawia, vimekufa, vimekauka, na havina unga hata chembe. Fangasi imeingia pale, na mmea umeua chembe zake chache zilizoizunguka, ikafa kwa njaa kwa sababu haiwezi kula kilichokufa. Huo ndio ukinzani wenyewe, na unaonekana kwa macho.

Nimefunga uzi mwekundu kwenye kila mmea wa namna hiyo tuliouona. Nimemwomba asiichanganye na mingine wakati wa kuvuna. Nimemweleza pia mpaka wake: kutu ya maharage ina makabila mengi, na mmea unaoshinda kabila la hapa unaweza kushindwa ukipelekwa bonde lingine, au hapahapa likija kabila jipya. Ndiyo sababu mchanganyiko wake una faida ambayo shamba langu la kablanketi tupu halina. Spora ikitoka kwenye mmea dhaifu na kutua kwenye mkinzani, safari yake imeishia hapo.

16 Mei

Tumevuna. Majani ya mwisho yaliyobaki kwenye mistari ya juu yana vipele vyeusi badala ya vya chungwa. Ni fangasi ileile; mmea unapozeeka, fangasi hutengeneza spora nyeusi zenye ganda gumu, za kungojea. Mabua ya mistari hiyo hayakupelekwa uwanjani. Yamefukiwa shambani humo kwa kina cha jembe, na msimu wa Novemba hapo yanaingia mahindi, kisha mahindi tena. Najua kubadilisha mazao hakuzuii unga unaokuja na upepo kutoka kwa jirani. Kunazuia ule wa nyumbani tu, na mwaka huu ulioniumiza ni wa karibu kabisa.

Nimekaa na majirani wanaotumia uwanja ule. Tumekubaliana mabua yafukiwe wiki ileile ya kupiga maharage, na maotea yang'olewe kabla ya yeyote kupanda Februari.

Mbegu ya msimu ujao nimeichagua kutoka sehemu ya chini. Kutu haisafiri ndani ya punje, kwa hiyo hata mimea iliyokuwa na vipele ingeweza kutoa mbegu isiyo na kutu. Niliyoikwepa ni mimea yenye mishipa myeusi na maganda yenye vidonda vilivyobonyea, kwa sababu ya chule.

Mzee ameleta punje za mimea ya uzi mwekundu kwenye bakuli, zimejaa viganja viwili. Za njano zimezidi. Tumezigawana: nusu atapanda yeye katikati ya mchanganyiko wake, nusu nitapanda mimi mstari wa juu kabisa, karibu na uwanja, mahali kutu inapofika kwanza. Majani yake tutayageuza wote wawili mwezi Machi.